Madaftari Matano ya Mwamvuli

Barua ililetwa na tarishi wa pikipiki aliyetaka saini mara mbili, kana kwamba habari mbaya ni mzigo unaoweza kupotea njiani. Mwamvuli akasaini. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaambia watu, "Soma kwanza, ndipo utie saini," na asubuhi hiyo, kama kawaida yake, alitia saini kwanza.

Jina la Mwamvuli alipewa na mtaa. Alikuwa wakala wa bima wa kampuni moja tu, asiyeruhusiwa kuuza bima ya kampuni nyingine hata ndotoni, na kampuni hiyo ilikuwa imempa mwamvuli mkubwa wa buluu wenye nembo. Basi akautembeza kwenye jua, akautembeza kwenye mvua, akautembeza na siku zisizo na jua wala mvua, mpaka watu wakasahau kwamba mama yake naye aliwahi kumpa jina. Hata marehemu mkewe alimwita hivyo, hasa siku za kununiana.

Alikaa mezani akaifungua barua. Ilikuwa kurasa mbili, muhuri mmoja, na lugha iliyopigwa pasi vizuri. Kamati ya Maadili, baada ya kusikiliza utetezi wake, ilikuwa imeamua kuusitisha mkataba wake wa uwakala kuanzia tarehe ya barua. Sababu: alikutwa na fomu tisa za maombi ya bima zilizotiwa saini na wateja zikiwa tupu, kinyume cha Kanuni ya Saba.

Hizo fomu hakuziiba. Mteja akisaini fomu moja, Mwamvuli alikuwa akimsogezea mbili zaidi. "Tia na hizi, mama, nikikosea herufi nisije kukusumbua tena." Watu wakamshukuru kwa huruma yake. Fomu tupu zikaingia kwenye jalada aliloliandika AKIBA kwa herufi kubwa, na jalada likakaa ndani ya droo pamoja na stepla. Mkaguzi alipopita ofisini mwake alikuwa anatafuta stepla tu.

Akaendelea kusoma. Kipengele cha nne kilisema: "Utarejesha, ndani ya siku saba za kazi, kumbukumbu zote za wateja ulizo nazo, ziwe faili, maandishi ya mkono au zilizo kwenye simu, bila kubakiza nakala. Kumbukumbu hizo ni mali ya Kampuni." Cha tano kilimkataza kuwasiliana na wateja kuhusu bima zao, kampuni yenyewe ingewaarifu na kuwagawia wakala mwingine. Cha sita kilisema Mamlaka ya Bima imearifiwa. Cha saba kilimpa siku kumi na nne za kukata rufaa.

Aliisoma mara tatu. Mara ya tatu aliisoma kwa sauti, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno, na akajisikia kama mtu anayesoma risala kwenye sherehe ambayo wageni wamegoma kuja.

Mchana msimamizi wa mawakala alimpigia. Msimamizi huyu alifundishwa kazi na Mwamvuli mwenyewe, enzi hizo bado kijana anavaa tai kama mtu anayejinyonga. Sasa alikuwa mkubwa wake, lakini bado aliongea naye kwa adabu. Alimweleza kwamba kamati iligawanyika, kwamba wapo waliotaka afungiwe miezi sita tu, na kwamba rufaa ikiandikwa vizuri anaweza kurudi.

"Shika jambo moja tu, mzee wangu," alisema. "Fomu zilikuwa tupu, ni kosa, tumekubali. Lakini hakuna mteja aliyeumia. Hiyo ndiyo kamba yako. Usiiachie."

"Hakuna aliyeumia," Mwamvuli akarudia, kama mtoto anayefundishwa shairi.

"Na makabidhiano yawe safi. Ulete kila kitu. Wakiona umeficha hata karatasi moja, nami nitashindwa kukutetea."

Kila kitu. Faili zilikuwa rahisi: mia moja na arobaini, za kijani, zimepangwa kwa alfabeti. Simu nayo ilikuwa rahisi kwa maana ya vidole, ngumu kwa maana nyingine. Alikaa kitandani akifuta majina. Mwenye duka la vipuri, futa. Nesi wa zamu, futa. Mwalimu Mkuu, futa. Mwalimu Mkuu Mke Wake, futa. Ilipofika jioni simu ilikuwa imebaki na majina manne: binti yake, msimamizi, fundi bomba, na marehemu mkewe, ambaye namba yake haikuwa ya mteja na kwa hiyo haikuhusika na kipengele cha nne.

Kilichomshinda ni madaftari.

Yalikuwa matano, yenye majalada magumu meusi, na aliyanunua mwenyewe dukani. Kampuni haikujua hata kama yapo. Kila akitoka kwa mteja alikuwa akisimama kivulini, anaweka mwamvuli kwapani na kuandika. Si mambo ya bima peke yake. Aliandika kwamba nesi wa zamu hapendi kupigiwa kabla ya saa nne, kwamba mwenye vipuri amegombana na kaka yake na asiulizwe habari zake, kwamba mwalimu mkuu ana paka anayeitwa Katibu. Kwa hiyo akirudi baada ya mwaka aliuliza, "Katibu hajambo?" na mlango ukafunguka wote.

Tangu mkewe afariki, miaka sita, madaftari hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpangia siku. Asubuhi anakunywa chai, anafungua ukurasa, anajua leo nani anatimiza miaka hamsini, nani mtoto wake anafanya mtihani. Ukimuuliza Mwamvuli ana marafiki wangapi angekujibu bila kusita: mia moja na arobaini. Hakuwa ameona kwamba wote walikuwa na namba za hati za bima.

Binti yake, anayeishi mbali na anayepiga simu Jumapili huku akiosha vyombo, alimsikiliza huku bomba likimwaga maji.

"Baba, wape tu. Si ni ya kazi hayo?"

"Mengine si ya kazi. Mengine ni paka."

"Paka gani tena?"

"Basi, mwanangu. Mimi sijambo. Umekula?"

Siku ya tano alijiambia angeyapitia kwanza, ayatenganishe: ya kampuni yaende, ya paka yabaki. Alivuta meza karibu na dirisha, akaweka daftari mkono wa kushoto na faili la mteja mkono wa kulia, akaanza kulinganisha moja moja. Ilikuwa kazi ya kipuuzi, kama kutenganisha maziwa na chai, na alijua. Lakini ilimpa kisingizio cha kukaa na watu wake siku mbili zaidi.

Saa tano na nusu alifika kwenye ukurasa wa Fundi.

Fundi alikuwa mshonaji mwenye kibanda mtaa wa pili, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye cherehani ya miguu na mdomo unaokwenda kasi kuliko cherehani. Alikuwa anamlea mtoto wa dada yake marehemu, na bima ya maisha aliichukua kwa ajili ya mtoto huyo. Katika daftari la nne, kwa mwandiko wa Mwamvuli mwenyewe, na tarehe, paliandikwa:

"Fundi. Amekubali. Kasaini. Amenieleza alilazwa kwa ajili ya moyo, wiki tatu, miaka kumi nyuma. Anameza dawa kila asubuhi. Alilia kidogo. Uliza habari za mtoto shuleni."

Mwamvuli akatabasamu, maana aliikumbuka siku hiyo, na pini zilizokuwa mdomoni mwa Fundi alipokuwa akisimulia. Kisha akageukia faili la kulia. Nakala ya fomu. Swali la sita: Je, umewahi kulazwa au kutibiwa ugonjwa wa moyo?

Hapana.

Alama ya vema ya buluu, imetiwa ndani ya kisanduku kwa unadhifu wote. Mkono ulikuwa wa Mwamvuli mwenyewe. Tarehe ya fomu ilikuwa siku tisa baada ya tarehe ya daftari, siku ya mwisho ya mwezi, na hapo akakumbuka na hiyo: alikaa ofisini akajaza fomu kumi na mbili za AKIBA kwa mkupuo mmoja ili afikishe lengo la mwezi, hapana, hapana, hapana, shingo imekakamaa, akiwaza chakula.

Akavua miwani. Akaivaa. Hapana ikabaki pale pale.

Hakuhitaji kuelezwa maana yake. Jambo hilo alikuwa ameliimba kwenye semina za mawakala wapya. Siku Fundi akifariki, kampuni itaomba kumbukumbu za hospitali. Itaona moyo. Itafungua fomu, itaona hapana na chini yake saini halali ya Fundi. Itasema mteja alificha ugonjwa, na mtoto wa dada yake atapewa barua yenye lugha iliyopigwa pasi vizuri, basi. Kitu pekee duniani cha kuonyesha kwamba Fundi hakuficha, kwamba alimwambia wakala, na wakala ndiye sikio la kampuni, kilikuwa ni huu ukurasa wenye doa la chai.

Na ukurasa huo huo ulikuwa mkasi wa ile kamba. Hakuna mteja aliyeumia. Fundi alikuwa ameumia miaka mitatu iliyopita, ila habari hazijamfikia.

Mwamvuli alisimama akaenda kunywa maji, akarudi, akaenda tena. Daftari hakuna anayelijua. Kiberiti kilikuwa juu ya jiko. Wazo hilo lilikaa naye mchana mzima kama mgeni asiyejua kuaga, na ukweli usemwe, alilikaribisha, alilimiminia hata chai. Miezi sita, kisha arudi. Mwamvuli wake mkononi. Katibu hajambo?

Alasiri alitoka kunyoosha miguu, na miguu, kama ilivyozoea, ikampeleka mtaa wa pili. Alitaka kupita upande wa pili wa barabara. Fundi alimwona kabla hata hajavuka.

"Wee Mwamvuli, unanikimbia? Suruali yako nimeipunguza kiuno wiki ya pili sasa. Au umenenepa unaona aibu?"

Akasogea. Akasimama nje ya mlango, mahali ambapo mguu mmoja ukiingia umekuwa ndani. Mtoto alikuwa ndani anaandika kazi ya shule juu ya ubao wa kupigia pasi. Mwamvuli alikuwa na sentensi nzima mdomoni, na kipengele cha tano kikiwa kimekaa juu ya ulimi wake kama kidonge.

"Sijanenepa," alisema. "Nitakuja kuichukua."

"Uso wako leo kama kitambaa kilichofuliwa na kandambili. Kuna nini, kaka?"

"Unameza dawa zako?"

Fundi akatoa mguu kwenye cherehani. "Nameza. Kwa nini waniuliza?"

"Naulizia tu."

"Wewe huwa unaulizia mtoto kwanza, halafu mimi," alisema Fundi, akimtazama kwa makini. "Leo umeanza na mimi."

Akaaga upesi, akasahau suruali. Nyuma yake cherehani ilikawia kuanza tena.

Siku ya saba aliingia tawi la kampuni saa mbili na nusu akiwa na mkokoteni wa kukodi, maboksi mawili ya faili, na mfuko mmoja begani. Alichukua namba kwenye mashine kama mteja yeyote. Hakuna aliyemwambia asichukue. Alikaa kwenye kiti cha chuma chini ya feni, na vijana wawili aliowapokea kazini wakapita mbele yake wakisoma simu kwa bidii isiyo ya kawaida.

Makabidhiano yalifanyika chumba cha nyuma, na dada wa kumbukumbu, msichana mwembamba mwenye kalamu nne za rangi nne. Alikuwa na fomu yenye safu. Alihesabu faili, akalinganisha na orodha ya mfumo, akaweka vema. Alipokea kitambulisho, akapokea muhuri wa uwakala, akapokea fomu ambazo hazikutumika. Aliomba simu, akaona majina manne, akairudisha, ingawa macho yake yalisimama kidogo kwenye majina hayo.

"Vifaa vyenye nembo," akasoma.

Mwamvuli akautazama mwamvuli. Ulikuwa umeegemea ukuta kama mtu aliyemsindikiza. Akauinua na kuuweka mezani, na dada akaandika: mwamvuli, mmoja, umetumika.

"Kumbukumbu nyingine zozote, za maandishi ya mkono?"

Aliuliza kwa sauti ile ile, kalamu tayari kuandika "hakuna", maana wote husema hakuna. Chumba cha pili mashine ya fotokopi ilikuwa inahema. Mwamvuli alifungua mfuko.

"Matano," alisema. "La nne lina kipande cha karatasi ndani. Anza na hilo. Na hii ni taarifa yangu, nimeisaini baada ya kuisoma."

Dada alisoma ukurasa, akasoma taarifa, akafungua faili la Fundi kwenye swali la sita. Alisoma vyote mara mbili, kisha akaweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu na si kama safu.

"Mzee, una rufaa."

"Ninayo, hadi Ijumaa."

"Hii ikienda kwenye kamati, huna. Na itaenda na kwa Mamlaka. Hata kampuni nyingine haitakuchukua." Akashusha sauti. "Mimi hapa naandika ninachopewa. Sijapewa bado."

Ilikuwa huruma, na ilimuuma kuliko barua. Akakumbuka huruma yake mwenyewe: tia na hizi, mama, nisije kukusumbua.

"Umepewa," alisema. "Andika, mwanangu. Daftari la nne, ukurasa wa themanini na moja. Uandike na ukurasa, usije ukapotea."

Akaandika. Wakasaini wote wawili, nakala mbili. Mwamvuli aliomba jambo moja: atakayepewa faili la mwalimu mkuu ajue habari za paka. Dada akamwambia, kwa upole, kwamba mfumo hauna mahali pa paka.

Alirudi nyumbani kwa miguu juani, akiwa na mkono mmoja usiojua pa kukaa.

Wiki zilizofuata alijifunza jinsi siku ilivyo ndefu ukiifungua bila ukurasa. Msimamizi alipiga mara moja, akasema "Mzee wangu, kwa nini?" na kabla hajajibiwa akasema anaelewa, na hakupiga tena. Ikaja barua ya pili, fupi: uamuzi unabaki, leseni imefutwa na Mamlaka. Tarishi alikuwa yule yule. Safari hii Mwamvuli aliisoma yote mlangoni kabla ya kusaini, tarishi akingoja na injini inawaka.

Simu ilipoita ilionyesha namba tupu. Mara moja mwanamke alikosea namba, akitaka fundi wa friji. Mwamvuli alimwambia amekosea, kisha akamuuliza friji ina nini, na watoto hawajambo, na wa mwisho yuko darasa la ngapi. Yule mama akajibu yote kwa dakika sita kabla ya kushtuka na kukata.

Kisha, alasiri moja, namba tupu nyingine. Akaipokea kabla haijaita mara ya pili. Kwanza alisikia cherehani, halafu ikanyamaza.

"Wamenipigia," alisema Fundi. "Wamenipeleka kwa daktari wao, wamenijazisha fomu upya, nimejibu mwenyewe kila swali. Bima inaendelea, imepanda kidogo. Wakanionyesha ile ya zamani." Akavuta pumzi. "Mwamvuli. Nilikaa hapa nikakuambia kitu ambacho hata mama yangu hakukijua. Nililia mbele yako. Ukaandika hapana?"

"Niliandika ndiyo pia. Niliiandika kwenye daftari."

"Daftari lako linanisaidia nini mimi nikiwa udongoni?"

Mwamvuli alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza mtaa wa pili ukipita ndani ya simu: mlango wa bati, mtu akiulizia vifungo, mtoto akisoma kwa sauti.

"Yule binti wa kampuni kanieleza," Fundi akasema baadaye, taratibu zaidi. "Kwamba ungeweza kulichoma."

"Kiberiti nilikuwa nacho."

"Sijakusamehe, usijidanganye. Nikikutazama sasa hivi nitakuchoma pini. Amekuja wakala mpya. Kakaa dakika nne. Hajauliza hata mtoto anaitwa nani."

"Atajifunza."

"Hatajifunza." Cherehani ilipiga mara mbili tatu, ikasimama. "Suruali yako inajaza nafasi hapa. Nafunga saa kumi na moja. Ukija, usije na maneno ya bima."

"Sina," alisema Mwamvuli. "Niliyarudisha yote."

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na robo. Kutoka hapo hadi mtaa wa pili ni mwendo wa dakika kumi, hata kwa mtu anayesimama njiani kusalimia. Akavaa viatu. Mlangoni mkono ukaenda wenyewe kwenye msumari wa mwamvuli, ukakuta msumari mtupu, na akatoka.